S Moja Mwishoni mwa Kitenzi: Andalio la Kipindi Kimoja cha Kiingereza kwa Darasa la Tatu na la Nne

Mheshimiwa Mratibu Elimu Kata, walimu wakuu, walimu wenzangu, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kufundisha wakati uliopo wa Kiingereza kwa watoto wa darasa la tatu na la nne. Mada hiyo ni pana, na kwa ruhusa yenu nitaibana. Nitazungumzia s moja tu, ile inayokaa mwishoni mwa kitenzi pale mtendaji anapokuwa nafsi ya tatu umoja. Tunasema "I cook", "you cook", "they cook", lakini tukifika kwa mama peke yake tunasema "she cooks". Nitapita nanyi katika kipindi kimoja cha dakika 40, kwa darasa la wanafunzi themanini waliokaa watatu watatu kwenye dawati, na zana zenyewe ni ubao, chaki na karatasi mbili za manila.

Chukueni daftari la mtoto wa darasa la sita. Kwenye zoezi la kujaza nafasi ameandika "cooks" na amepata vema. Fungueni ukurasa wa insha, pale anapomweleza mama yake, mtakuta "My mother cook ugali". Msimamisheni aongee, s haisikiki hata mara moja. Kanuni anaijua, na mkimwomba aitaje ataitaja bila kukwama. Mdomoni ndipo haitoki.

Kabla hatujamlaumu mtoto huyo, au mwalimu wake wa darasa la tatu, tumtazame mtoto aliyezaliwa katika Kiingereza chenyewe. Mwaka 1973 mtafiti Mmarekani Roger Brown alichapisha matokeo ya kufuatilia usemaji wa watoto watatu ambao Kiingereza ni lugha yao ya kwanza. S ya wingi, kama ile ya "two cups", waliishika mapema. S ya umiliki ikafuata. S ya kitenzi ilichelewa mno, ikaja baada ya hata kile kiambishi cha wakati uliopita cha "cooked". Sauti ni moja, ulimi ni uleule, na bado s moja ilishikwa mapema na nyingine ikasubiri. Kwa hiyo shida kubwa haiko kwenye kutamka.

Tofauti ni kazi ambayo kila s inafanya. Nikisema "cups", ile s imekupa habari: vikombe ni zaidi ya kimoja. Nikisema "my mother cooks", s haijakupa habari yoyote ambayo "my mother" haikukupa tayari. Bill VanPatten, mtaalamu wa jinsi watu wanavyojifunza lugha ya pili, alilieleza jambo hili vizuri: msikilizaji hutafuta maana kwanza, na alama ya sarufi inayorudia maana iliyokwisha kutolewa na neno jingine, sikio huiruka. Mtoto wetu anasikia "my mother", ameshaelewa ni nani, na s inapita bila kuguswa. Kitu ambacho sikio halikukishika, mdomo utakitoa wapi?

Ndiyo maana nasema kipindi cha s ya kitenzi hakijatimia kama hakina dakika kadhaa ambapo s ndiyo peke yake inayobeba maana. Kanuni ubaoni na kuimba kwa pamoja haviwezi kuziba nafasi hiyo.

Watoto wetu wana mtaji ambao Kiswahili kimewapa. Hakuna mtoto wa miaka minane anayekosea kati ya "mama anapika" na "akina mama wanapika". Upatanisho anao damuni. Mwambieni kwa Kiswahili, kwa sentensi moja tu, kwamba sisi tunaonyesha mtu mmoja mwanzoni mwa kitenzi na Waingereza wanaonyesha mwishoni. Inatosha. Ila kuna mitego miwili. Wa kwanza ni kutafsiri kwa "hu". Mwalimu anayefafanua "my mother cooks" kwa "mama yangu hupika" anatoa maana sahihi kabisa ya mazoea, lakini "hu" haijali nafsi: mimi hupika, wewe hupika, wao hupika. Hapo amekuwa kama anamwambia mtoto kwamba kitenzi hakibadiliki. Tumieni "anapika kila siku" na "wanapika kila siku", ili tofauti ya mmoja na wengi ionekane. Mtego wa pili ni mtoto kuibeba "a" yetu na kuitafutia mahali pa kukaa, akasema "My mother she cooks". Hapo anatafsiri "mama yangu anapika" kipande kwa kipande. Akisema hivyo, s ameipata, kwa hiyo msimkatize siku hiyo. Hiyo "she" ya ziada ina kipindi chake.

Sasa uchaguzi wa vitenzi, na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu somo linaweza kuharibika tangu mezani kwa mwalimu kabla hajaingia darasani. S hii ina sauti tatu. Baada ya p, t na k inasikika kama s yenyewe: "sweeps", "eats", "cooks". Baada ya irabu na sauti nzito kama d, n au l inasikika kama z: "plays", "reads", "runs". Baada ya s, z, sh, ch na j inaongeza silabi nzima: "washes", "brushes", "watches". Mwalimu akichanganya zote tatu katika kipindi cha kwanza, mtoto hana kitu kimoja cha kushika. Kipindi cha kwanza kiwe cha sauti moja, na mimi nachagua vitenzi vitano: "cook", "eat", "drink", "sweep" na "milk".

Halafu tazameni neno linalofuata kitenzi. Wengi wetu tumezoea "eats sweets" na "drinks soda". Semeni kwa sauti mjisikie: s ya kitenzi imemezwa na s ya neno linalofuata, na hata mwalimu hajui kama mtoto ameitamka. Ni afadhali neno linalofuata lianze na irabu: "cooks ugali", "eats oranges", "drinks uji", "sweeps outside", "milks a cow". Hapa Kiswahili kinatusaidia tena. Ulimi wa mtoto wetu umezoea silabi zinazoishia na irabu, na ndiyo sababu anapoachwa na "cooks" peke yake huongeza "i" nyuma, ikawa "kuksi". Mpe "cooks ugali", s itarukia irabu ya mbele: kuk-su-ga-li. Silabi zake zimepatikana, na s imetoka bila kulazimishwa.

Tuingie darasani. Dakika tano za utangulizi hazihitaji maneno mengi. Bandikeni manila mbili ubaoni, kushoto picha ya mama mmoja, kulia picha ya akina mama watatu. Semeni kitenzi, watoto waigize: wafagie, wakoroge, wakamue. Lengo ni moja tu, vile vitenzi vitano visiwe vigeni baadaye, kwa sababu mtoto anayehangaika na maana ya "sweep" hana nafasi ya kusikia s.

Zinazofuata ni dakika nane za masikio, na huu ndio moyo wa kipindi. Watoto wafumbe macho, ili asiwepo anayenakili mkono wa jirani. Mwalimu anasema sentensi bila mtendaji. Akisema "cooks ugali", wanaelekeza kidole kushoto, kwa mama mmoja. Akisema "cook ugali", wanaelekeza kulia, kwa akina mama watatu. Ile "she" na ile "my mother" zimeondolewa makusudi, na sasa s haina mwenzake wa kumsaidia. Mtoto akiikosa, anaelekeza picha isiyo yake, na mwalimu anaona kwa jicho lake nani anasikia na nani bado.

Changanyeni mpangilio. Mkisema moja, wengi, moja, wengi, mara nne mfululizo, watoto watashika mpangilio na kuacha kusikiliza. Semeni mbili za s, moja isiyo nayo, tatu za s, mbili zisizo nayo. Na semeni kwa kasi ya kawaida. Mwalimu anayevuta "cooksss ugali" anawafundisha sauti ambayo hawatakutana nayo nje ya darasa lake. Mwanzoni vidole vitasambaa kila upande. Msiogope, wala msieleze upya. Baada ya kila sentensi, wafumbue macho, onyesheni picha iliyo sahihi, wafumbe tena. Kufikia sentensi ya kumi na tano hivi vidole vingi vitakuwa vinaelekea upande mmoja. Visipoelekea, msiende mbele. Endeleeni na masikio, hata kama mchezo mmoja utaachwa siku hiyo.

Baada ya masikio ndipo midomo, dakika kumi za drili. Anzeni na kujenga sentensi kutoka nyuma. Mwalimu anasema "ugali", darasa "ugali". Kisha "cooks ugali". Kisha "mother cooks ugali". Mwisho "my mother cooks ugali". Kuanzia nyuma kunafanya sehemu ngumu isemwe mara tatu mtoto akiwa bado na pumzi, na kunailinda ile s irukie irabu. Tukianza mbele, mtoto anafika kwenye kitenzi amechoka, na s inakuwa ya kwanza kudondoka.

Kisha drili ya kubadili mtendaji, na hapa pana kosa ambalo limeenea sana. Mwalimu anatoa "my mother", "my father", "my sister", "Neema", "Juma", na kila mara jibu ni "cooks ugali". Darasa linaimba vizuri, sauti zinatikisa madirisha, na hakuna mtoto hata mmoja aliyefikiri. Jibu halibadiliki, wafikirie nini? Changanyeni tangu mwanzo. "My mother", wanajibu "cooks ugali". "I", wanajibu "cook ugali". "My sister", wanajibu "cooks ugali". "They", wanajibu "cook ugali". Mtoto anayelazimika kuchagua ndiye anayejifunza. Mtamsikia mmoja akisema "I cooks". Huyo msimkatishe tamaa. S imeshaingia kichwani mwake, na sasa anatafuta mipaka yake. Mpe "I" mara nyingi zaidi kuliko wengine.

Na msiamini sauti ya pamoja. Watoto themanini wakisema kwa pamoja, kumi na watano wanaotamka s wanatosha kuwafunika sitini na watano wasioitamka. Anzeni na darasa zima, nendeni kwa safu, kisha kwa dawati moja, kisha kwa mtoto mmoja mmoja. Mkifika kwenye dawati ndipo mtakaposikia ukweli.

Kuhusu kusahihisha, Roy Lyster na Leila Ranta walichapisha mwaka 1997 uchunguzi wao katika madarasa ya watoto wa Kanada waliokuwa wakisomeshwa kwa Kifaransa. Njia ambayo walimu waliitumia zaidi ni kurudia sentensi ya mtoto ikiwa imesahihishwa. Njia hiyo hiyo ndiyo iliyowafanya watoto wachache zaidi wajirekebishe, kuliko njia nyingine zote. Kwa s yetu sababu ni rahisi kuiona. Mtoto anasema "My mother cook ugali", mwalimu anajibu kwa upole "Yes, your mother cooks ugali", na mtoto anachosikia ni "Yes". Amekubaliwa, amemaliza. Kateni kipande cha manila, kiandikeni S kubwa kwa kalamu nyekundu. Mtoto akiiacha s, inueni kadi, nyamazeni, msubirini. Ataangalia kadi, atarudia sentensi, na safari hii atairekebisha mwenyewe. Kadi ina faida nyingine: haimwaibishi mtoto mbele ya wenzake kama neno "umekosea" linavyofanya.

Michezo ina dakika kumi na mbili, na napendekeza miwili tu. Michezo mingi katika kipindi kimoja hula muda wa kuelezea masharti.

Wa kwanza mnaujua wote, ni ule wa nyama nyama nyama, ambao watoto wetu huucheza uwanjani. Kiongozi anataja mnyama, anayeliwa wanaruka na kuitikia, asiyeliwa wananyamaza. Tuuhamishie kwenye Kiingereza. Kiongozi anasema "A frog eats insects!" Ni kweli, kwa hiyo wote wanaruka na kuitikia "Eats insects!" Anasema "A goat eats eggs!" Si kweli, wananyamaza. "A snake eats eggs!" Wanaruka. "A cow eats ants!" Kimya. Anayeruka pasipostahili anakuwa kiongozi. Mchezo huu unapendeza kwa sababu mtoto anaitikia kitenzi na s yake huku akili yake iko kwa chura na nyoka. Mwaliko ni kwenye maana, s inafuata. Tazameni pia kwamba "insects", "eggs" na "ants" zote zinaanza na irabu. Siku ya kwanza bakini na mnyama mmoja mmoja. Kipindi kinachofuata ndipo muingize "Frogs eat insects!", mwitikio ukiwa "Eat insects!", na watoto wataona kwamba s ikikaa kwenye chura wengi inatoka kwenye kitenzi. Mkiileta siku ya kwanza, mtavuna "frogs eats".

Wa pili ni mnyororo. Madawati mawili yanageukiana, watoto sita. Wa kwanza anasema linalomhusu yeye: "I drink uji." Wa pili anamtaja wa kwanza, kisha anajitaja: "Juma drinks uji. I eat oranges." Wa tatu anawataja wote wawili, kisha anajitaja. Kila zamu ina s na ina sentensi isiyo na s, ndani ya pumzi moja, na kila sentensi inasema jambo la kweli kuhusu mtoto anayeonekana pale. Msivuke watu sita. Mnyororo ukiwa wa watu kumi, mtoto anahangaika kukumbuka nani anakula nini, na s inakuwa ya kwanza kusahaulika. Dalili ya kwamba mnyororo umekuwa mrefu ni watoto kuanza kutaja majina na vyakula peke yake, "Juma uji, Neema oranges". Hapo ukateni, uanze upya na mtoto mwingine.

Dakika tano za mwisho, kila mtoto aandike sentensi tatu: moja juu yake, moja juu ya mtu mmoja wa nyumbani, moja juu ya watu wengi. Daftari hizo zitaonyesha nani ameelewa kanuni, lakini hazionyeshi nani anaweza kusema, na tumeona kwa yule wa darasa la sita jinsi viwili hivyo vinavyoachana. Kwa hiyo wekeni daftari dogo la pembeni. Kila siku chagueni watoto watano, waulizeni wakati wa mapumziko au wakati wa kupanga mstari kuhusu dada, kaka au rafiki, na mwandike alama ya vema pale s inapotoka bila kadi. Waulizeni kuhusu mtu ambaye hakutajwa kipindini, wasije wakawarudishia sentensi za darasani. Msitegemee kwamba mwezi mmoja utatosha. Watoto wa Brown, waliozaliwa ndani ya Kiingereza, walichukua muda mrefu, na wetu wanakisikia Kiingereza dakika chache kwa siku.

Kipindi cha pili ni cha sauti ya z, kwa "reads", "plays" na "runs", kwa hatua zilezile. Cha tatu ni cha "washes" na "brushes", ambapo watoto hupiga makofi kuhesabu silabi ili waisikie ile iliyoongezeka. "Goes", "has" na "carries" zina vituko vyao vya tahajia na zije baadaye, zikiwa ubaoni zaidi kuliko mdomoni.

"Doesn't" nawasihi msiiguse katika wiki hizo. Katika "she doesn't cook", s imehama kutoka kwenye kitenzi ikakaa kwenye "does". Mtoto ambaye bado anajifunza kuiweka s, akiambiwa siku ileile aiondoe, atasema "she doesn't cooks", na atabaki nayo hadi sekondari. Subirini hadi lile daftari la pembeni lionyeshe kwamba zaidi ya nusu ya darasa wanaisema s bila kadi. Siku hiyo chukueni ile kadi nyekundu, mpeni mtoto mmoja anayewakilisha "cook" aishike, kisha mleteni wa pili anayewakilisha "do", na wa kwanza amkabidhi kadi mbele ya darasa zima. Kadi ni moja, na katika sentensi anayeishika ni mmoja.

Manila mbili ziko hapa mezani pamoja na kadi. Naomba walimu wa dawati tatu za mbele mgeukiane, mfumbe macho, tujaribu ile sehemu ya masikio kabla ya chai. Nitasema sentensi ishirini, bila mtendaji, na kwa kasi ya kawaida.